Gauni Lililopimwa Mara Mbili

Gauni lilirudi kabatini likiwa limekunjwa vibaya.

Bibi Fundi aliliona hilo hata kabla hajavua viatu. Alikuwa ametoka kliniki na mwanawe, amechoka, kifua bado kinampigia filimbi kila apandapo ngazi, akafungua kabati atafute shali. Mkono ukasita. Rafu ya pili, upande wa kushoto, ndipo lilipokaa gauni lake la bluu nzito lenye vitone vyeupe, gauni alilolipenda kuliko nguo zote alizobaki nazo. Yeye hulikunja namna moja tu: mikono inaingia ndani, vifungo vinatazama juu, halafu mikunjo mitatu, kola mbele. Leo mikono ilikuwa imerudishwa mgongoni, na gauni zima lilikunjwa katikati kwa urefu, bega juu ya bega, kama daftari lililofungwa.

Akalitoa, akalipeleka dirishani kwenye mwanga. Macho yake siku hizi hayakuwa tena ya kutunga uzi, lakini vidole vilikuwa vilevile vilivyokaa miaka arobaini kwenye cherehani. Akavipitisha polepole. Mstari wa mkunjo katikati ya kifua, haukuwa wake. Begani, pale panapokutana na shingo, unga mdogo wa chaki. Na kwenye mzunguko wa kwapa, alipoliinua kulielekezea jua, akaona vitundu. Vidogo sana, vimefuatana kwenye mshono, kila kimoja mbali na mwenzake kwa upana wa kidole.

“Limepimwa,” alisema peke yake.

Mtu mwingine angedhani gauni limeazimwa likavaliwa. Lakini nguo iliyovaliwa huacha ushahidi wake: makunyanzi viwikoni, makunyanzi pale pa kukalia, na harufu ya mwenye kuivaa. Hili halikuvaliwa. Hili lilifungwa vifungo vyote, likalazwa juu ya kitu kigumu, meza bila shaka, likanyooshwa kwa viganja bila kuvutwa, kisha futi ikapita kutoka kwapa hadi kwapa, kutoka bega hadi bega, kutoka shingoni hadi kwenye pindo. Likakunjwa katikati kuhakikisha pande mbili zinalingana. Na vile vitundu ni vya pini. Kwapa halipimiki vizuri kwa futi kwa sababu limepinda, kwa hiyo fundi huweka karatasi chini ya nguo, akachoma pini moja moja kufuata mshono, na akiinua nguo anaikuta alama kwenye karatasi. Kazi hiyo haifanywi na mtu anayecheza.

Bibi Fundi akaketi kitandani, gauni mapajani.

Miaka yote aliyoshona, nguo zilizoletwa bila mwenyewe zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza, mume anakuja na blauzi ya mkewe ameificha chini ya koti, anacheka peke yake, anasema, “Fundi, mshonee kama hii, ila asijue.” Hiyo ni zawadi. Ya pili, watu wanakuja wawili au watatu, wamenyamaza, wanaweka mezani gauni ambalo marehemu alilipenda, wanasema, “Itoshe kama hili.” Hawa hawachagui vifungo. Hawaulizi itakuwa tayari lini; wanakaa wanasubiri.

Na yeye, miezi miwili tu iliyopita, alikuwa amelala hospitali wiki tatu, mipira puani.

“Zawadi,” alijiambia. Halafu akauliza, “Zawadi ya nini?” Ndani ya nyumba ile hakuna aliyewahi kumpa nguo. Nani atampelekea nguo fundi wa nguo?

*

Nyumba ilikuwa ya mwanawe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache na mikono baridi. Bibi Fundi alikuwa akiishi hapo mwaka wa kumi na moja, tangu alipofunga karakana yake. Waliokuwa na ufunguo ni watatu tu: yeye, mwanawe na mke wa mwanawe, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza dawa kwenye duka la dawa karibu na stendi. Mwanawe siku ile alikuwa naye kliniki tangu asubuhi. Hesabu haikuhitaji kalamu.

Na mkwe huyo, yeye na Bibi Fundi hawakuwahi kugombana. Afadhali wangegombana. Walikuwa wakiishi kwa adabu, “Shikamoo mama,” “Marahaba mwanangu,” kama watu wawili waliobeba kabati zito kwenye ngazi, kila mmoja anaogopa mwenzake asiachie. Mwaka wa kwanza wa ndoa yule binti aliwahi kushona kifungo cha shati la mumewe. Bibi Fundi akakiona mezani, mbele ya wageni, akachukua kiwembe akakifumua akakishona upya, akasema kwa kicheko, “Mwanangu, mikono yako ni ya kuhesabu vidonge. Sindano tuachie wenyewe.” Wageni wakacheka. Binti naye akacheka. Tangu siku ile hakugusa sindano mbele yake.

Jioni ile mkwe aliporudi kazini, Bibi Fundi alikuwa sebuleni amejitia hamnazo, anachambua maharage.

“Shikamoo mama. Kliniki wamesemaje?”

“Marahaba. Muulize mumeo, karatasi anayo yeye.”

“Amesema uko vizuri.”

“Basi kama amesema.” Akatupa jiwe dogo pembeni. “Leo mchana ulipita nyumbani?”

Mkwe alikuwa anavua viatu. Akachelewa kidogo na kile cha pili. “Mimi? Aa, hapana mama. Leo tulikuwa na wateja wengi.”

Uongo huo Bibi Fundi aliupokea kama mtu anavyopokea kifurushi anachokijua. Akaendelea na maharage yake.

*

Tangu hapo akawa na macho mgongoni. Aligundua mambo ambayo pengine yalikuwepo siku zote. Mwanawe na mkewe wakiwa jikoni wanaongea, akiingia tu mazungumzo yanageuka ghafla kuwa ya chumvi na sukari. Karatasi ya hospitali aliyopewa mwanawe hajaionyesha mpaka leo, kila akiulizwa anasema, “Uko vizuri mama, wewe kula tu.” Na Jumamosi, ambayo zamani mkwe alikuwa akishinda nyumbani, sasa anaondoka saa tatu asubuhi. Kuna hesabu ya dawa kazini, anasema. Lakini anarudi na vipande vya uzi kwenye sketi. Dukani kwa dawa uzi unatoka wapi?

“Anakwenda kwa fundi,” Bibi Fundi alimwambia jirani yake, mwanamke mmoja aliyeitwa mtaa mzima Mama Redio, kwa sababu habari ikimfikia haizimwi.

Mama Redio akasogeza kigoda. “Mwanao si fundi?”

“Fundi wa mafriji, huyo! Nasema fundi wa nguo. Amepeleka vipimo vyangu.”

“Vipimo vyako! Bila wewe kujua?”

“Bila mimi kujua.”

Mama Redio akafikiri, kisha macho yakamtoka pima. “Dada, kwani wanakuzika lini?”

“Mdomo wako!”

“Mimi nauliza tu. Ungeniuliza mimi ningesema labda wanataka kukushonea nguo ya kutokea.”

“Nitoke nayo kwenda wapi, na kifua hiki?”

“Ndiyo hapo sasa,” alisema Mama Redio, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akaishiwa maneno.

Siku mbili baadaye Bibi Fundi alikuwa anamwaga maganda kwenye pipa la jikoni, akaona kitu cheupe. Akakivuta. Kilikuwa kipande cha bafta, kitambaa kile chembamba cheupe cha bei ya chini, kirefu kama mkono, kimekatwa ukingoni kwa mkasi wenye makali. Akakifikicha kwa vidole. Bafta. Bafta aliijua, aliwahi kuikata mara nyingi kwa ajili ya wale watu wawili au watatu walionyamaza.

Akakirudisha ndani ya pipa, akakifunika na maganda ya viazi, akanawa mikono mara mbili.

Mchana huo, wenzake wakiwa kazini, akafikiri kama fundi. Mwenye kupima ana akili. Amefunga vifungo, amechoma pini. Mtu aliyefundishwa vizuri hapimi mara moja akaridhika. Karakanani kwake yeye mwenyewe alikuwa na sheria, na aliwaimbia wanafunzi wake mpaka wakachoka: kipimo cha kwanza ni cha jicho lako lilivyoamka leo, rudi siku nyingine upime tena. Kwa hiyo huyu atarudi. Na akirudi?

“Mnipimie kaburi,” alisema, akivuta kiti mbele ya cherehani yake iliyokaa pembeni imefunikwa kitambaa, “basi mpime la mtu mwingine.”

Akaligeuza gauni ndani nje. Uzi wa bluu ulikuwa bado umo kwenye droo. Kumwomba mtu atunge sindano ya cherehani hakuweza, akahangaika nayo nusu saa nzima, analamba uzi, anakosa, analamba tena, mpaka ukaingia. Kisha akaingiza kila ubavu inchi moja, kuanzia mkono chini ya kwapa, kushuka kiunoni, hadi kwenye pindo. Mishono mirefu, ya kufumulika kirahisi. Inchi moja kila ubavu, mbele na nyuma. Mtu akililaza mezani, kwapa hadi kwapa, palipokuwa ishirini na tatu pangekuwa ishirini na moja. Na ukizungusha mwili mzima, arobaini na sita imekuwa arobaini na mbili. Mtu asiyezoea asingegundua. Fundi mzoefu angegeuza ndani, angeona mshono wa zamani na mpya, angejua mara moja. Lakini wangapi hugeuza ndani?

Akalikunja kwa namna yake: mikono ndani, mikunjo mitatu, kola mbele. Katikati ya mkunjo wa pili akalaza unywele wake mmoja mweupe.

Alhamisi alikwenda kliniki tena. Aliporudi unywele haukuwepo.

Hakushangaa, ila aliumia, na maumivu hayo hakuyatarajia. Alikuwa ameomba, kimyakimya, aukute. Akafumua mishono yake yote, akapiga pasi ubavuni alama zifutike, akalirudisha gauni rafuni. Halafu akampigia simu mdogo wake aliyeishi mji mwingine.

“Njoo unichukue Jumapili asubuhi.”

“Kuna nini dada? Wamekufanya nini?”

“Hawajanifanya kitu. Wanangoja.”

“Wanangoja nini?”

“Wewe njoo na gari ya mumeo. Mizigo yangu ni begi moja na cherehani.”

*

Jumamosi mkwe hakutoka. Hilo peke yake lilitosha kumnyima raha. Asubuhi nzima alipiga deki, akabadilisha kitambaa cha meza, akafuta vumbi hata juu ya mlango. Bibi Fundi akiwa chumbani anapanga begi alisikia viti vikisogezwa. Saa tisa alasiri mlango ukagongwa, na sauti aliyoisikia ilimfanya aache kukunja.

“Hodi wenyewe! Mwalimu wangu yupo?”

Ilikuwa sauti ya Sindano, mwanafunzi wake wa mwisho, mwanamke mrefu mwembamba aliyeitwa hivyo tangu siku aliyoingia karakanani. Yeye ndiye aliyenunua meza za kukatia na kurithi baadhi ya wateja karakana ilipofungwa. Mwaka mzima hajaonekana. Kwa hiyo fundi ni huyu, aliwaza Bibi Fundi. Hata wewe, Sindano.

Akatoka. Sebuleni walikuwepo mwanawe, Sindano, Mama Redio ambaye hakuna aliyemwalika, na mkwe, amesimama katikati na kifurushi cha karatasi ya kaki mikononi.

“Mama, kaa kidogo.”

“Nitasimama.”

“Mama, kaa,” alisema mwanawe.

Akaketi ukingoni mwa kiti, mgongo wima, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Mkwe akasogea mbele yake. “Mwalimu Sindano ana sheria moja pale kwake. Amesema ameitoa kwako. Nguo ya kwanza ya mwanafunzi haiuzwi, anapewa mtu.” Akamwekea kifurushi mapajani. “Mimi nimesoma kwake Jumamosi zote tangu ulipolazwa. Hii ndiyo nguo yangu ya kwanza.”

Bibi Fundi alitazama karatasi ya kaki. Akaifungua polepole, kona moja, kona ya pili. Haikuwa nyeupe. Ilikuwa gauni la rangi ya kahawia iliyoiva, pamba nzuri, kola ndogo ya duara, vifungo sita vya mfupa. Bila kukusudia, mikono yake ikaenda kwenye tundu la kifungo. Limezungushiwa uzi kwa mkono, mshono karibu na mshono, hakuna ulioruka.

“Umeshona wewe?”

“Mimi.”

“Na ile bafta?”

“Bafta ipi, mama?”

“Kwenye pipa.”

Sindano akacheka. “Ni ya majaribio, Mwalimu. Wewe ulikuwa unakata moja kwa moja, kwa jicho. Mimi wanafunzi wapya nawakatisha bafta kwanza, wakiharibu waharibu hiyo. Huyu kalibeba gauni la majaribio nyumbani akamalizie mikono, ukipita analificha chini ya mto.”

“Mama Redio alisema—” Bibi Fundi alianza.

“Mimi sijasema kitu!” alisema Mama Redio.

“Livae basi mama,” alisema mwanawe. “Tumengoja miezi mitatu kukuona.”

Na hapo ndipo Bibi Fundi alipokumbuka. Ishirini na tatu. Ishirini na moja.

“Nitalivaa kesho,” alisema. “Leo nimechoka.”

“Mama, dakika moja tu,” alisema mkwe, na uso wake ulikuwa umefunguka, Bibi Fundi hajawahi kuuona umefunguka hivyo ndani ya miaka kumi na moja. Mtu angemnyimaje?

Akaingia nalo chumbani. Kichwa kikapita. Mikono ikaingia hadi viwikoni, ikakwama. Akavuta pumzi, akakaza, kitambaa kikalia chini ya kwapa. Vifungo viwili vya juu vilifunga, vya kifuani vikakataa katakata, vikaacha mwanya wa kidole. Begani palikaa sawasawa. Urefu ulikuwa sawasawa. Kola ilikaa kama imezaliwa pale. Ni mbavu tu. Akasimama mbele ya kioo, mikono haishuki wala haipandi.

Wangemwona. Hakukuwa na jinsi. Akatoka hivyohivyo.

Mama Redio alifungua mdomo, Sindano akamkanyaga mguu. Mwanawe akatazama dari. Mkwe alilitazama gauni, kifuani, kwapani, tena kifuani, na uso uliofunguka ukajifunga taratibu mbele ya macho ya wote.

“Nimenenepa,” alisema Bibi Fundi haraka. “Dawa za hospitali. Zinavimbisha.”

“Hujanenepa mama. Umepungua kilo nne, mimi ndiye nakupima uzito.” Sauti ilikuwa ndogo. “Nimekosea.”

“Mimi nilikwambia ni jembamba,” alisema Sindano kwa upole. “Nilikwambia, mwalimu wangu namjua umbo lake. Ukasema amekonda.”

“Nilipima mara mbili.” Mkwe alikuwa anaongea na gauni, si na watu. “Nilichukua lile la bluu, si la sherehe, ila lile unalolipenda, maana ndilo mwili wako umelizoea. Nikalilaza mezani, sikulivuta. Mara ya kwanza nikapata ishirini na tatu. Mara ya pili nikapata ishirini na moja. Mwalimu alisema vikitofautiana nirudie mara ya tatu, lakini nikaogopa utanikuta. Nikajua tu ya kwanza ndiyo niliyokosea, maana siku ile nilikuwa na haraka. Na mikono yangu...” Akaitazama. “Mama si uliniambia? Ni ya kuhesabu vidonge.”

Bibi Fundi angeweza kunyamaza. Hilo alilijua, na alilijua vizuri. Mshono ameshaufumua, alama ameshazipiga pasi, unywele umepotea. Angesema, pole mwanangu, mwanzo ni mgumu, na nyumba nzima ingemwamini, na binti yule asingeshika sindano tena maisha yake yote.

“Ya kwanza ilikuwa sawa,” alisema.

“Mama?”

“Ishirini na tatu. Ulipima vizuri.” Alikuwa bado amebanwa, mikono imetanda pembeni kama ndege aliyekwama dirishani, na hiyo haikumsaidia kuonekana mtu wa heshima. “Nililipunguza mimi. Inchi moja kila ubavu. Nikakutegea. Ulipolirudisha nikalifumua.”

Mwanawe aliacha kutazama dari.

“Kwa nini?” aliuliza mwanawe.

“Nilidhani mnanishonea nguo ya kuzikiwa.”

“Mama!”

“Karatasi ya hospitali umenificha!”

“Ipo kwenye boksi la spana! Nimeisahau tu!” Mwanawe, mtu wa maneno machache, alikuwa anapiga kelele. “Imeandikwa uendelee na dawa ya kifua na upunguze chumvi! Ukitaka nikailete, ina grisi!”

Mama Redio akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika ukuta. Sindano akafuata. Lakini mkwe hakucheka. Alikuwa anamtazama mama mkwe wake, na Bibi Fundi hakuweza kusoma kilichokuwamo machoni.

“Kwa hiyo mimi,” alisema mkwe, “miaka kumi na moja ndani ya nyumba moja, ulinidhania hivyo.”

“Nilikudhania hivyo.”

“Na begi nililoliona mlangoni kwako asubuhi?”

“Mdogo wangu anakuja kesho kunichukua.”

Mkwe akatikisa kichwa, akakaa kitini, akaficha uso kwenye viganja. Bibi Fundi akasogea mpaka mbele yake, kwa hatua fupi fupi kwa sababu gauni halikuruhusu nyingine.

“Kile kifungo cha shati,” alisema. “Kile cha mwaka wa kwanza. Kilikuwa kimeshonwa vizuri. Nilikifumua kwa sababu nyumba hii ilikuwa na fundi mmoja na nilitaka abaki mmoja. Sasa nivue hili, linaniua.”

Wakamvua, mkwe upande huu, Sindano upande ule. Bibi Fundi, akiwa ndani ya shimizi na shali mabegani, mbele ya mwanawe aliyegeukia ukutani, akaligeuza gauni la kahawia ndani nje juu ya kitambaa kipya cha meza. Akapapasa mshono wa ubavu. Vidole vikasimama. Akapapasa tena.

“Umeacha akiba ya kitambaa kiasi gani?”

“Inchi moja na nusu,” alisema mkwe kupitia vidole. “Wenzangu huacha nusu inchi. Mwalimu alisema wewe ulikuwa unaacha nyingi, kwa sababu mwili wa mtu haukai mahali pamoja.”

Bibi Fundi akamtazama Sindano. Sindano akainua mabega, kana kwamba hausiki.

“Inchi moja tunaitoa,” alisema Bibi Fundi, “nusu inabaki. Ubavu huu na huu, mbele na nyuma, na chini ya mkono pia, la sivyo mkono hautalingana na kwapa. Litarudi arobaini na sita kamili. Nipeni kiwembe. Wewe, mwanangu, kaweke chai, usisimame hapo kama friji lenyewe. Na wewe,” alimgusa mkwe begani, “funua cherehani yangu. Mimi nitafumua, wewe utashona.”

“Mimi?”

“Nguo ni yako. Na sindano siwezi kuitunga. Ile siku ya mtego ilinichukua nusu saa.”

Mkwe akasimama. Alifuta uso kwa mkono wa blauzi, akaenda kwenye cherehani, akaondoa kitambaa, akachagua uzi wa kahawia, akautunga mara moja bila kuulamba. Bibi Fundi aliona. Alitaka kusema kitu, akakimeza. Meza nzima ilijaa vipande vya uzi uliofumuliwa, na sauti ya cherehani ikajaza nyumba ile, safari hii bila kujificha. Mshono wa kwanza ulipinda kidogo karibu na kiuno. Fundi mzee akauona, mkono ukakaribia kiwembe, kisha ukarudi mapajani.

Alipolivaa tena lilikaa. Lilikuwa na nafasi ya kupumulia, na kifua chake kikavuta pumzi ndefu ndani yake bila filimbi.

“Ila nikwambie jambo moja,” alisema akijitazama kiooni. “Ukipima nguo unapata nguo. Nafasi ya kupumulia imo tayari ndani ya kipimo chake, na wewe hukuongeza nyingine juu yake, hapo umefanya vizuri, wengi hukosea. Lakini lile gauni la bluu nililishona nikiwa na kilo zangu. Hujawahi kunipima mimi mwenyewe kwa futi.”

“Ningekupimaje mama? Ungenikubalia?”

“Leo nakubali.”

Mkwe akachukua futi. Alisita mbele yake, kwa sababu ndani ya miaka kumi na moja, kabla ya leo, hawakuwa wamewahi kusogeleana kiasi hicho, na wote wawili waliliona hilo. Bibi Fundi akainua mikono. Futi ikapita chini ya kwapa, mgongoni, ikarudi kifuani, ikabana gauni mwilini.

“Arobaini na mbili,” alisema mkwe.

“Andika. Halafu kesho utapima tena.”

“Kesho si unaondoka?”

“Nani kasema?” alisema Bibi Fundi. “Mdogo wangu atakunywa chai, atarudi kwake. Kipimo cha pili hakipimwi siku moja na cha kwanza.”